Siku moja ya majaribio kabla ya kumwajiri mtu wa duka

Nina duka la vyakula Uyole, Mbeya, si mbali na pale magari ya Tukuyu na Kyela yanapokata kona kuacha barabara kuu. Kwa miaka mingi nilikuwa naajiri kama wengi tunavyoajiri: jirani anasema ana mdogo wake, mdogo wake anakuja na begi, kesho yake yuko kaunta. Wengine walikuwa wazuri na wengine waliniumiza, na kila nilipoumia nilisema binadamu hajulikani. Baadaye nikaona mimi ndiye sikuwa nampa mtu nafasi ya kujulikana. Sasa kila anayekuja kuomba kazi namwita siku moja tu ya kufanya kazi nami kwa malipo, na jioni tunakaa kuzungumza. Nitaeleza ninavyofanya, hatua kwa hatua.

Usianze kwa kumtega

Kuna mtego maarufu: unaangusha noti ya elfu kumi karibu na gunia la sukari, unaangalia kama ataileta. Niliwahi kuufanya. Kijana akaileta mbio, "Mama, hela yako hii," nikamwajiri siku hiyo hiyo. Baada ya miezi minne nilipopiga hesabu, mtaji ulikuwa umepungua, na haukuwa umepungua kwa noti zilizoanguka chini. Ulikuwa umetoka kwa mikopo isiyoandikwa: sabuni kwa rafiki, unga kwa shemeji, soda kwa dereva aliyesema atalipa akirudi. Noti ya elfu kumi kila mtu anaijua kuwa ni mtego, hata mtoto wa darasa la tano. Kitu kinachomaliza duka ni mkono unaotoa bila kuandika, na mkono huo hauuoni kwa kuangusha hela. Unauona kwa kuhesabu asubuhi na kuhesabu jioni, mkiwa wawili, mwenzako akijua wazi mnachofanya.

Kabla hujamwita

Andika kwenye karatasi kazi yenyewe ni ipi. Wengi tunasema "kuuza duka", kumbe tunataka afungue saa kumi na mbili asubuhi, afunge saa tatu usiku, na katikati aoshe vyombo vya nyumbani. Hizo ni saa kumi na tano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Mimi nilipoandika saa zangu nikaona ninayemtafuta ni wa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na asubuhi na usiku nitasimama mwenyewe. Kama hukuandika hili kwanza, siku ya majaribio utampima kwa kazi moja na kumwajiri kwa nyingine.

Siku nayo ichague. Mwisho wa mwezi mishahara imetoka, watu wamejaa, utashindwa kumwelekeza. Jumatatu asubuhi duka linaweza kupooza msione kitu. Mimi napenda Ijumaa ya katikati ya mwezi.

Ukimpigia simu, mwambie yote: ni siku moja, ni majaribio, nitakulipa elfu nane, chakula cha mchana kipo, nauli ya kuja na kurudi juu yangu, na hata tukiachana saa sita mchana hela yako utapewa yote. Mtu anayefanya kazi kutwa nzima kwa "tutaona" anakuwa na hofu, na mwenye hofu huoni tabia yake. Mwambie aje na kitambulisho cha taifa, na kama hana, barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Kiangalie, andika jina na umri, mrudishie mkononi pale pale. Kuna wenye maduka wanaokaa na kitambulisho cha mtu droo ya chini eti asikimbie. Usifanye hivyo. Kitambulisho ni cha mwenyewe, na anayebaki kwako kwa sababu umemfungia karatasi zake hatakufanyia kazi kwa moyo.

Kuhusu umri: sheria inaruhusu kuanzia miaka 14 kwa kazi nyepesi isiyomzuia shule, lakini dukani kwangu kuna magunia ya kuburuta na hela za kukabidhiana. Mimi sichukui wa chini ya miaka 18.

Kama aliwahi kufanya kazi mahali, piga simu huko na uulize swali moja tu: "Akitaka kurudi kwako leo, utampokea?" Sikiliza anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

Asubuhi: mnahesabu pamoja

Huwezi kuhesabu duka zima, na hakuna haja. Chagua bidhaa sita zinazotoka sana, mwambie leo hizi ni zako, nyingine nitauza mimi na droo yangu. Mhesabu wote wawili, kila mmoja na karatasi yake, halafu mlinganishe.

Nitumie siku moja ya kweli. Alikuja binti wa Rungwe, amewahi kumsaidia mama yake kuuza sokoni. Asubuhi tuliandika hivi: mchele kilo 40, wa kupima, sukari kilo 25 na maharage kilo 20, vyote nilikwisha vifunga kilo kilo usiku, mafuta ya kula lita 10, sabuni za mche 12, mayai trei mbili, yaani 60. Kwenye droo yake niliweka chenji ya shilingi 30,000, akaihesabu mbele yangu na kuweka sahihi. Nikampa madaftari mawili, moja la mauzo, anachora kijiti kila anapouza, na lingine la madeni.

Hapo hapo mpe sheria za nyumba, chache. Zangu ni tatu. Bei usiyoijua uliza, usibahatishe. Deni ni kwa niliyekutajia jina tu, na linaandikwa mteja akiwa bado amesimama. Malipo ya simu unayaona kwenye simu ya duka, kamwe si kwenye simu ya mteja, kwa sababu ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli kama mapacha.

Mchana: kaa naye, halafu ondoka

Saa ya kwanza anaangalia. Saa mbili zinazofuata anauza nami nikiwa pembeni. Halafu naondoka kweli, napanda daladala kwenda Mwanjelwa kuchukua mzigo, saa moja na nusu. Usijifiche nyuma ya duka la jirani ukichungulia, atakuona na itakuwa aibu yenu wote.

Ukiwa naye, usimkatize kila dakika. Mambo ninayoyaangalia ni machache. La kwanza ni mtoto. Watoto wanatumwa na noti ya elfu tano, hawajui chenji, na kichwa chao kiko chini ya kaunta. Mtu anayehudumia watu wazima watatu waliofika baadaye na kumwacha mtoto amesimama, huyo atakufukuzia akina mama wa mtaa mzima bila wewe kujua. Binti yule wa Rungwe aliinama juu ya kaunta, akamhesabia mtoto chenji kiganjani moja moja, akazikunja ndani ya kipande cha karatasi na kumwambia, "Mpe mama, usipite kwenye pipi." Sikumfundisha.

La pili ni bei asiyoijua. Mteja akauliza kiberiti cha boksi, binti akageuka, "Mama, hii shilingi ngapi?" Aliuliza mara tisa siku ile. Mwingine angeona tisa ni nyingi. Mimi nilihesabu ni mara tisa ambazo hakunipotezea hela.

La tatu ni anayesema "mama ananijua". Wapo kila siku, huna haja ya kumtuma mtu aigize. Usisikilize kama alikataa tu, sikiliza alikataaje. Kuna anayekataa kwa kumdhalilisha mteja, na mteja huyo kesho ananunua kwa jirani. Binti alisema, "Shikamoo baba, mimi mgeni hapa, mama anarudi sasa hivi, nikuwekee pembeni?" Akamfungia, akauweka mfuko rafuni. Niliporudi ulikuwa bado pale.

Na mchana mkae mle. Usimpe chakula akiwa amesimama.

Jioni: hesabu

Saa kumi na moja tulisimamisha mauzo yake, tukahesabu tena. Mchele ulibaki kilo 27 na nusu, umetoka 12 na nusu kwa 2,800, sawa na 35,000. Sukari zimetoka kilo 8 kwa 3,000: 24,000. Maharage kilo 6 kwa 2,600: 15,600. Mafuta lita 4 kwa 6,000: 24,000. Sabuni tano kwa 3,500: 17,500. Mayai 22 kwa 400: 8,800. Jumla 124,900.

Ongeza chenji ya asubuhi 30,000, unapata 154,900. Toa deni moja lililoandikwa, mchele kilo mbili kwa mwalimu niliyemtaja asubuhi, 5,600. Toa 12,000 iliyolipwa kwa simu, nikaikuta kwenye simu ya duka. Droo ilitakiwa iwe na 137,300. Ilikuwa na 135,900. Shoti ya shilingi 1,400.

Hapa ndipo siku nzima inapokutana. Usikunje uso, na usiseme "si kitu" pia. Weka karatasi mezani, uliza, "Tutafute pamoja, imeenda wapi?" Halafu nyamaza. Anayefoka, anayelia mara moja, anayetoa elfu mbili mfukoni mwake kufunika, na anayesema pengine mama ulihesabu vibaya bila kurudia hesabu, hao wote wamekuonyesha miezi yako ya mbele naye itakavyokuwa.

Binti alichukua daftari lake la mauzo, akahesabu vijiti vya mchele. Vilikuwa kilo 12, si 12 na nusu. Nusu kilo ni 1,400, shoti yote iko pale. Akafikiri kidogo akasema, "Mama, nilikuwa naongeza. Kwetu sokoni tunapima kwa sado, na juu lazima uache kilima, bila hivyo mteja anaona umemdhulumu. Hapa mizani ikitulia, mkono ukawa unaongeza tu." Tukajaribu. Nikamwambia apime kilo kama alivyokuwa akipima, halafu nikaipima upya taratibu. Ilizidi kidogo, kama gramu arobaini. Kwa kilo 12, gramu arobaini kwa kila kilo zinakaribia nusu kilo.

Nilimchukua. Shoti ilikuwepo, lakini sababu yake ilijulikana, inatibika kwa siku moja, na aliyeitafuta ni yeye.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu watu wengi wanaukosea. Kabla yake alikuja kijana ambaye droo yake jioni ilizidi 2,300. Ndugu zangu walimsifu. Mimi ziada inanitisha kuliko shoti. Hela iliyozidi ina mwenyewe: kuna mteja ametoka bila chenji yake, au ameuziwa kwa bei ya kubahatisha. Nilimuuliza, akacheka, "Si faida, mama?" Nilimlipa elfu nane zake na nauli, nikamwambia ukweli kwamba sitamchukua na kwa nini. Kesho yake alikuja mzee kudai elfu mbili ya chenji.

Mazungumzo: anza wewe

Mlipe kwanza. Mtu mwenye ujira wake mfukoni anazungumza akiwa huru, anajua hata akisema asichopenda hakuna atakachonyimwa. Kaeni pasipo wateja, mimi namweka mtoto wangu kaunta.

Halafu anza wewe kusema mabaya yako. Mimi nasema: mshahara wangu unatoka tarehe 2, lakini Januari ada za shule zinanibana, naweza kufika tarehe 5, na nitakuambia mapema. Nasema: mwezi wa sita na wa saba Mbeya ni baridi kali na mlango wa duka uko wazi, kama una kifua niambie. Nasema: nikichoka sauti yangu inapanda, ukiona hivyo niambie baadaye, usininunie. Ukishasema hayo, naye atasema yake. Ukianza kwa kumuuliza "una tabia gani mbaya?" atakujibu hana.

Maswali yangu kwake ni ya mambo yatakayotokea kweli. Mvua za kwanza zikinyesha Novemba, nyumbani watakuhitaji shambani? Binti alisema ndiyo, mama yake ana ekari moja ya mahindi na mgongo unamuuma. Tukakubaliana siku tano mwanzoni mwa Desemba, zikihesabiwa kwenye likizo yake, ambayo kisheria ni siku 28 kwa mwaka. Kama nisingeuliza, angepata "msiba" Desemba, nami ningemwita mwongo. Nauliza msiba wa kweli pia: nani akifa lazima uende, na nauli utatoa wapi. Nauliza anadaiwa na nani, maana mwenye deni la kausha damu linalolipwa kila siku ana presha ambayo droo yangu itaihisi. Simkatai kwa hilo. Tunapanga.

Jambo la kuzungumza kwa kirefu kuliko yote ni shoti. Hapa ndipo wafanyakazi na wenye maduka wanapoumizana. Wenye maduka wengi wanakata shoti yote kwenye mshahara, na mwezi mwingine mtu anaondoka na elfu kumi. Mtu aliyekatwa hivyo anajifunza kujilipa mwenyewe kimya kimya. Sheria haikuruhusu kukata kiholela: hasara iwe imetokana na kosa lake kazini, umweleze kwa maandishi sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sisi tuliandika hivi: tunahesabu kila Jumamosi pamoja, shoti isiyozidi 3,000 kwa wiki ni ya duka, ikizidi tunatafuta sababu, deni lililotolewa bila kuandikwa ni la aliyelitoa. Nawe mwenye duka, ukichukua mkate wa chai uandike. Shoti nyingi za uswahilini zinatokana na mwenye duka na watoto wake.

Mwisho muulize, "Wewe leo umeonaje?" Subiri jibu. Binti wangu alisema choo kiko mbali, na akienda kaunta inabaki na nani? Sikuwa nimewahi kulifikiria. Tukapanga amwite jirani mwenye saluni.

Usimlazimishe ajibu usiku huo. Arudi nyumbani, aulize watu wake, kesho saa nne simu.

Ukitafuta dada wa nyumbani

Siku ya majaribio inafaa pia, ila usihesabu sukari. Mnaofuata mabinti Iringa, Njombe na Makete kupitia dalali, hakikisheni binti mwenyewe amezungumza nanyi kwa simu kabla hajapanda basi, maana akishafika hana nauli ya kurudi na "ndiyo" yake si ya hiari. Nauli ya kurudi iwe tayari, mwonyeshe. Kisha mwonyeshe atakapolala kabla hujamwonyesha jikoni. Siku hiyo uwe nyumbani, watoto wawepo, umwone mtoto akilia anafanya nini. Kutojua kuwasha jiko la gesi si kasoro, hilo ni somo la dakika kumi.

Na usiku wa kwanza, tafadhali, mwambie kwa kinywa chako asiingize jiko la mkaa chumbani kuota moto. Baridi yetu inawashawishi, mlango unafungwa, na hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha. Mpe blanketi la pili.

Karatasi

Akikubali, andikeni ukurasa mmoja, nakala mbili, sahihi mbili: kazi, saa, mshahara na tarehe yake, siku ya mapumziko, likizo, mapatano ya shoti, na taarifa ya kuachana. Ndani ya mwezi wa kwanza taarifa haipungui siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 28, kwake na kwako. Ukurasa wa nyuma nabandika ile karatasi ya hesabu ya siku ya majaribio.

Jumamosi ya pili tulipohesabu, mchele ulitimia. Shoti ilikuwa 800, upande wa mafuta. Kabla sijafungua mdomo alikwishachukua kipimo cha mafuta na kukigeuza juu chini, akanionyesha chini kimebonyea.